Barua ya kuomba masta, rejista ya darasa la nne na giza la dagaa

Kwenye fomu za kuomba masta ya uongozi wa elimu kuna sehemu moja inawatesa walimu wakuu kuliko zote, na sio vyeti wala wadhamini, vyeti viko kwenye bahasha miaka yote na wadhamini unawapigia tu simu. Ni ile karatasi moja au mbili unayoambiwa eleza kazi uliyofanya, sema unataka kutafiti nini, halafu onyesha hivyo viwili vinahusianaje. Mimi ni mwalimu mkuu wa shule ya msingi huku Ilemela, Mwanza, ufukweni kabisa mwa Ziwa Victoria, ukisimama kibarazani pa ofisi unaona mitumbwi, na mwaka huu nimeomba. Sasa kwenye grupu letu la wasapu la walimu wakuu kila mtu ananiuliza uliandikaje uliandikaje, nimeona niandike hapa mara moja kuliko kujibu mmoja mmoja inboksi.

Nianze na zile nilizosoma za wenzangu, maana wameniletea kadhaa nizipitie. Nyingi zinafanana yani kama zimetoka kwa stesheni moja. Nimepandisha ufaulu kutoka hapa mpaka pale, nimesimamia ujenzi wa matundu ya vyoo, nimepata madawati kwa mdau, utoro umepungua. Kisha aya ya mwisho ghafla bin vuu: "hivyo ningependa kutafiti mchango wa mitindo ya uongozi katika ufaulu wa wanafunzi." Kazi yote hiyo ni ya kweli, najua jasho la kumalizia boma la darasa na hela isiyotosha, ila hiyo ni ripoti ya nusu mwaka ya kumpelekea afisa elimu kata. Msomaji wa chuo akiimaliza anabaki anajiuliza swali liko wapi. Vyoo vimejengwa, vimeisha, hongera.

Na hilo la mitindo ya uongozi na ufaulu ndo linachosha zaidi. Unagawa dodoso kwa walimu, wanakujazia kwamba mkuu wao ni wa kidemokrasia, unachukua matokeo ya darasa la saba, unaona vinaendana, umemaliza. Lakini mwalimu gani atamtilia mkuu wake alama za chini kwenye karatasi inayozunguka shuleni? Halafu ufaulu wa shule moja unapanda na kushuka kwa sababu kibao, mwalimu mzuri wa hisabati amehamishwa, au kundi la mwaka huo lilikuwa tu na watoto wengi wa nguvu. Kwa shule yenye watahiniwa sitini sabini, watoto watano tu wakiteleza asilimia inacheza, na wewe umeandika ni mtindo wa uongozi.

Kwahiyo mimi niliamua kutoanza na mafanikio. Nilianza na kitu nilichokifanyia kazi shuleni na bado kinanisumbua, yani nimekigusa, kimesogea kidogo, ila siwezi kueleza kwa uhakika kwanini. Kwangu kitu hicho ni mahudhurio ya darasa la nne.

Huku kwetu maisha ni dagaa. Dagaa wanavuliwa usiku kwa taa, zamani karabai siku hizi taa za sola, na taa inawavuta vizuri pale ambapo hakuna mwezi angani. Mwezi ukiwa mpevu taa haifui dafu, kwahiyo siku kadhaa kuzunguka mwezi mpevu wavuvi wa dagaa wanapumzika, wanashona nyavu, wanarudi makwao. Giza likirudi, mwalo, yani pale mitumbwi inapotia nanga, unachangamka. Mitumbwi inarudi alfajiri, akina mama wananunua ndoo kwa ndoo, wanaanika kwenye mchanga, juu ya mawe, wengine kwenye vichanja, na dagaa wakishaanikwa lazima pawe na mtu wa kuwageuza na kufukuza ndege. Huyo mtu mara nyingi ana miaka kumi na yuko kwenye rejista yangu. Akija siku hiyo anakuja saa nne, na utamjua tu, magamba madogo yanayong'aa yamenata kwenye jalada la daftari na kwenye vidole, unamwambia kanawe kwanza mwanangu.

Hili kila mtu hapa analijua, hata mgeni wa wiki mbili. Ila rejista haikuwa inalionyesha, na hapo ndo utamu wa jambo ulipo. Sisi tunajumlisha mahudhurio kwa mwezi wa kalenda, Januari, Februari, Machi, tunatuma. Nichukue mfano wa mwezi mmoja, darasa lina watoto 84, siku za masomo 20. Siku 12 ziliangukia giza, wakawa wanakuja kama 60. Siku 8 ziliangukia mbalamwezi, wanakuja 78. Ukijumlisha na kugawanya unapata wastani wa 67, ambayo ni asilimia 80. Asilimia 80 haimshtui mtu, inaingia kwenye fomu inapita. Lakini hakuna hata siku moja watoto 67 walikaa darasani! Kuna siku darasa linabeba asilimia 93 na kuna siku 71, hiyo 80 ni ya kwenye karatasi tu.

Nikakaa na mwalimu wa taaluma tukachukua rejista, tukazipanga upya siku, badala ya tarehe tukaandika ni siku ya ngapi tangu mwezi kuandama. Tulitumia kalenda ile ya ukutani inayoonyesha mwezi, na penseli, hakuna ekseli wala nini. Mabonde ya mahudhurio yakajitokeza yenyewe.

Kuna jambo lingine hapo ambalo nililiweka kwenye barua ya maombi kwa sababu nadhani wengi hatulioni. Mwezi wa angani una siku kama 29 na nusu, miezi 12 ya hivyo ni siku 354, kwahiyo kila mwaka giza linarudi nyuma siku kama 11, ndo maana Ramadhani nayo inarudi nyuma hivyohivyo. Sasa angalia Machi. Mwaka 2024 mwezi mchanga uliangukia Machi 10, mwezi mpevu Machi 25. Mwaka 2025 mpevu ukawa Machi 14 na mchanga Machi 29. Maana yake wiki mbili za kwanza za Machi 2024 zilikuwa giza kwa sehemu kubwa, na wiki hizohizo 2025 zilikuwa zinaelekea mbalamwezi. Mwalimu mkuu wa mwaloni akilinganisha mahudhurio ya wiki hizo mwaka hadi mwaka anaweza kuandika utoro umepungua kutokana na mikakati ya uongozi, akapigiwa makofi kwenye kikao cha kata, kumbe ni mwezi tu umesogea. Na mwaka unaofuata akageuziwa kibao aulizwe kwanini umeshuka.

Basi tukafanya nini. Njia iliyozoeleka ni kumwita mzazi, akikaidi unampeleka kwa mtendaji. Tunaifanya, sheria ipo na kuna wazazi hawasikii lugha nyingine. Ila mama anayetegemea ndoo nne za dagaa kulisha nyumba, ukimtoza faini wakati wa giza, hela ya faini itatoka wapi kama si kwenye dagaa hao hao, na mtoto huyohuyo ndo atawaanika. Kwenye kikao cha UWAWA, yani cha wazazi na walimu, bibi mmoja alisimama akanisalimia vizuri, mwangaluka mwalimu, akasema nyie walimu mnatuambia watoto waje kila siku, sawa, ila mbona siku wanazokuja wote na siku wanazokuja nusu mnafundisha vilevile? Watu walicheka, mimi sikucheka sana.

Maana kwenye hisabati za darasa la nne mada zinapandiana. Mtoto akikosa siku tatu za mwanzo za mada ya sehemu, zile nusu na robo, wiki ijayo ukileta kujumlisha sehemu anakaa anakutazama tu. Mtoto wa mwaloni hakosi siku zilizotawanyika ovyo, anakosa kwa mkupuo, kwahiyo anakosa kipande kizima cha mada. Mwaka mzima amehudhuria siku nyingi tu lakini ana mashimo makubwa manne matano, na kwenye upimaji wa kitaifa wa darasa la nne mashimo hayo ndo yanaulizwa.

Tulichokubaliana na mwalimu wa hisabati ni kupanga azimio la kazi kwa kutazama mwezi. Mada mpya inaanza mbalamwezi ikikaribia, watoto wengi wapo. Giza likiingia wanafanya mazoezi, marudio, kazi za vikundi, na siku ya kwanza watu wakirudi kwa wingi kunakuwa na kipindi cha kuwaunganisha waliokosa kabla ya kusonga. Kwenye karatasi inaonekana rahisi. Shida ni kwamba tuna kalenda ya utekelezaji wa mtaala inayosema wiki hii mada hii, na mthibiti ubora akija akakuta umepishana nayo anayo haki ya kuuliza. Mwalimu wangu alinitazama akasema, "Madamu, wakija utasema mwenyewe ni wewe umeniambia?" Nikamwambia nitasema, na nikaweka saini kwenye azimio lake pembeni ya kila mada iliyosogezwa, na sababu.

Hiyo saini ndo ikanipa swali la utafiti, sio utoro. Hili nililielewa baada ya kuzungumza na mhadhiri mmoja ninayemfahamu, tulikaa pale Malimbe nikamweleza habari nzima ya mwezi na dagaa, akasikiliza akasema, "Mwalimu, utoro kwenye jamii za wavuvi umeandikwa sana, na masta unayoomba ni ya uongozi. Kiongozi kafanya nini hapo?" Nikajibu nimeweka saini. Akasema haya, andika hiyo.

Kwahiyo swali langu likawa hivi, nanukuu rasimu yangu ya kwanza kabla sijaipeleka Kiingereza: "Walimu wakuu wa shule za msingi zilizo karibu na mialo ya dagaa wanafanya maamuzi gani kuhusu mpangilio wa ufundishaji mahudhurio yanapopanda na kushuka kwa kufuata mwezi, na ni nini kinawafanya waone kwamba wana nafasi, au hawana nafasi, ya kufanya maamuzi hayo?" Refu najua. Ila ona lina nini ndani. Halisemi mimi nimefanikiwa. Halisemi kusogeza mada kunapandisha ufaulu, maana hilo sijui, nina darasa moja na mwalimu mmoja mzuri, labda ni yeye tu. Na linauliza kitu kinachoweza kujibiwa na mtu mmoja, kwa mwaka mmoja, kwa kuongea na wakuu kumi kumi na mbili na kuangalia maazimio yao ya kazi na rejista.

Kuunganisha na maandiko, hapa ndo wengi wanamwaga majina ishirini. Mimi nilitumia kazi moja ninayoielewa. Viviane Robinson na wenzake mwaka 2008 walikusanya tafiti zilizokuwepo wakalinganisha uongozi unaojikita kwenye ufundishaji na ule wa kuhamasisha watu na kuwapa maono, wakakuta ule wa ufundishaji unahusiana na matokeo ya wanafunzi mara tatu mpaka nne zaidi. Na ndani yake, lililokuwa na nguvu kuliko yote ni mkuu kushiriki mwenyewe pamoja na walimu katika kujifunza. Kupanga rejista na penseli na mwalimu wa taaluma ni humo humo. Ila tafiti walizozitumia nyingi zilitoka nchi ambako mkuu wa shule ana mamlaka kiasi juu ya mpangilio wa masomo, sisi mkuu anapokea kalenda ya mihula, anapokea kalenda ya mtaala, anapokea walimu, hata ruzuku inakuja imeshagawanywa matumizi. Sasa uongozi wa ufundishaji unakuwaje pale ambapo nafasi ya kuamua ni nyembamba? Hapo ndo nikaweka pengo langu. Aya moja, basi.

Kuna sehemu ya maadili, na wenzangu wengi mnaipuuza mnaandika tu "nitazingatia siri". Mimi ni bosi wa shule yangu. Nikimwambia mwalimu wangu naomba nikuhoji kwa utafiti, ukikataa hakuna shida, atakubali hata kama hataki, kwa sababu mimi ndo namjazia tathmini yake ya utendaji. Na watoto hivyohivyo. Kwahiyo niliandika wazi kwamba shule yangu haitakuwa sehemu ya sampuli, itakaa kwenye utangulizi kama chanzo cha swali, na data zitatoka shule nyingine za ufukweni, nikihoji wakuu wenzangu ambao hawaripoti kwangu. Hata hapo kuna kaugumu kake maana tunajuana, mtu anaweza kukueleza kile anachofikiri unataka kusikia, au akaficha kwamba anasogeza mada bila ruhusa. Kwahiyo majina ya shule na kata hayataandikwa, na azimio la kazi nitaliangalia kabla ya mahojiano sio baada.

Halafu rejista zenyewe. Jamani tuambiane ukweli, rejista sio maandiko matakatifu. Kuna mwalimu anaita majina kila asubuhi, na kuna mwalimu anajaza wiki nzima Ijumaa mchana kwa kalamu moja na mwandiko mmoja usiotetereka. Ukiona wiki tano mfululizo hakuna hata mtoto mmoja aliyekosa Jumatatu, hiyo rejista imepikwa. Kwetu niligundua kipimo cha pembeni, vikombe vya uji. Wazazi wanachangia mahindi na sukari, mama mpishi anahesabu vikombe kwa kila darasa saa nne asubuhi kwa sababu uji ukipungua atalaumiwa yeye, na hana sababu yoyote ya kuongopa kwa ajili ya ripoti ya kata. Daftari lake na rejista zikipishana sana naliamini la kwake. Sio shule zote zina uji, kwahiyo kwenye utafiti nitaomba siku chache za kuhesabu vichwa mwenyewe, mbili kwenye giza na mbili kwenye mbalamwezi kwa kila shule, kuona tu rejista inasimama au haisimami.

Mambo ya vibali nitapita haraka. Kuna mawili tofauti msiyachanganye. Ruhusa ya masomo ni ya mwajiri, barua inapita kwa afisa elimu kata inakwenda mpaka kwa mkurugenzi, ianze mapema, kabla ya kupata chuo. Kibali cha utafiti ni baadaye, chuo kinakupa barua, unaipeleka ofisi ya katibu tawala mkoa, inashuka mpaka halmashauri ndipo unabisha hodi shuleni. Ukiwa mwalimu mkuu unadhani unafahamika utapita tu, usipite. Kuhusu chuo, mimi nimeangalia vile ambavyo naweza kusoma bila kuhama Mwanza, Chuo Kikuu Huria wana kituo chao hapa na Mtakatifu Agustino wako Malimbe, kwa sababu mwenye watoto wa kusomesha kuhamia Dar miaka miwili ni hadithi nyingine.

Mhadhiri yule alinirudishia rasimu na swali moja pembeni kwa kalamu nyekundu, "utajuaje kama sio mwezi?" Swali zuri kuliko yote niliyoulizwa. Kwa sababu huku kuna minada, kuna mvua, mvua ikinyesha dagaa hawakauki na mtoto hana cha kugeuza, na kuna wasichana ambao hawakanyagi kabisa mwaloni lakini wanakosa shule siku za giza kwa sababu mama yuko mwaloni na wao wanabaki na mdogo wao mgongoni. Nikaongeza aya ya mwisho. Nitachukua pia shule mbili tatu za ndani, kama kule Misungwi mbali na maji, ambako watu ni wa mpunga na ng'ombe, nizipange rejista zao kwa mwezi vilevile. Kama nazo zitaonyesha mabonde yaleyale basi sio dagaa, kuna kitu kingine, pengine mnada, na itabidi swali langu lote nilipange upya mwaka wa kwanza kabla sijahoji mtu. Kama hazionyeshi, nitakuwa na sababu ya kuendelea kuwauliza wakuu wa mialoni wanafanyaje. Karatasi ilitoka kurasa mbili kasoro mistari michache, nikaituma. Anayetaka kuona rasimu nzima aniambie, ila msinakili jamani, tafuteni mwezi wenu.